Risiti Nilizomtumia

Friza langu lilikufa Jumatatu asubuhi, miezi kumi na sita tangu nilitoe Shinyanga. Niliamka nikakuta maji sakafuni, barafu zimelegea ndani ya mifuko yake na samaki wameanza kulainika. Fundi wa mtaani kwetu hapa Masumbwe alikuja, akalisogeza, akapimapima nyuma, akasema umeme unafika vizuri ila kompresa imekufa. Akaniuliza kama lina waranti. Nikamjibu kwamba kompresa ina miaka miwili, tena risiti ninayo.

Nilisema hivyo kwa kujiamini kwa sababu mimi ni mtu wa kutunza risiti. Nilipoanza kuuza barafu, juisi na samaki, ofisa wa mapato aliyekuja kunikadiria kodi alinieleza, bila ukali, kwamba asiye na kumbukumbu hukadiriwa kwa kuangaliwa tu. Tangu siku hiyo karatasi yoyote niliyopewa dukani niliihifadhi. Risiti ya friza niliitenga na nyingine. Niliifunika kwa nailoni, nikaizungushia selotepu na kuibandika ukutani, ili hata nikihama chumba nisiisahau.

Nilipoibandua siku ile ilikuwa nyeupe. Niliigeuza, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Pembeni kulikuwa na kivuli cha tarakimu mbili tatu, basi. Mama mwenye duka la fotokopi aliniambia karatasi zile hazina wino, na kwamba nailoni na gundi ya selotepu ndivyo vilivyokula maandishi. Alisema ningeitoa fotokopi siku ileile niliyonunua ningekuwa nayo hadi leo. Kadi ya waranti nayo, nilipoifungua, haikuwa na mhuri wala tarehe. Muuzaji alinikabidhi tupu, na mimi niliipokea tupu.

Picha ya risiti nilikuwa nimepiga. Ila simu yenye picha hiyo niliibiwa mnadani. Nilirudisha laini, nikapata namba yangu ileile, lakini mazungumzo ya zamani hayakurudi kwa sababu sikuwahi kuyahifadhi mahali pengine.

Nilikwenda Shinyanga hivyohivyo. Nilipanda basi hadi Kahama, nikaunganisha, nikafika dukani saa sita mchana. Binti wa mapokezi alinisikiliza vizuri. Aliniita mama, akanipa kiti. Alisema bila risiti hawezi kunifungulia madai yoyote, na hata ningekuwa nayo, waranti ya mafriza yale ni mwaka mmoja. Nikamweleza kwamba kabla sijanunua niliagiza kwa WhatsApp, na aliyenijibu kutoka hapo dukani aliandika kwamba kompresa ni miaka miwili.

"Unayo hayo maandishi, mama?" aliuliza.

Sikuwa nayo. Nikamwomba atazame kwenye simu yao. Alisema simu ya oda ya wakati ule ilikwisha kubadilishwa, na mashine ya risiti pia. Wangeweza kutafuta kama ningewapa namba ya risiti au tarehe yenyewe. Mimi nilikumbuka tu kwamba watu walikuwa wanavuna mpunga. Nilimshukuru, nikarudi stendi. Njia nzima nilikaa dirishani nikijua picha zile zipo, na nikijua zilipo.

Zilikuwa kwenye simu ya mwanaume aliyekuwa mume wangu.

Yeye ni mchimbaji. Tulioana akiwa mgodi wa karibu, lakini baadaye akawa mtu wa kufuata rashi, yaani pale dhahabu inapotokea ghafla na watu wakahamia huko na koleo zao. Akitoka Geita anasikia kuna mahali pengine, anakwenda. Nyumbani alikuwa anakuja siku nne, tano, kisha miezi inapita. Alikuwa anatuma pesa. Mimi nanunua kilichotakiwa, napiga picha risiti, namtumia. Mwanzoni nilifanya hivyo ili aone pesa yake ilikofika. Kadiri miaka ilivyokwenda, yakawa ndiyo mazungumzo yetu. Namtumia risiti ya mabati, anajibu "Nimeona." Namtumia ya godoro, "Nimeona." Friza lilikuwa kitu cha mwisho tulichonunua pamoja. Nilimtumia mazungumzo yangu na duka, nimeyapiga picha kwenye kioo cha simu, ili tuchague saizi, na yeye akachagua kubwa. Risiti niliandikisha jina lake.

Miezi mitatu baadaye aliniambia kwa simu kwamba huko aliko ana mwanamke, na kwamba hatarudi Masumbwe. Hakunifokea wala mimi sikumfokea. Tangu hapo hatukuwa tumeandikiana hata neno moja.

Ilinichukua wiki nzima kumwandikia. Wakati huo friza lilikuwa limesimama tupu, nimelifungua mlango lisinuke, na wateja wa barafu wamehamia kwa jirani. Namba yake naijua kwa kichwa. Niliandika salamu ndefu nikaifuta. Niliandika lawama, nikaifuta pia. Mwishowe nilituma hivi: "Habari. Friza limeharibika. Kama bado unazo picha za oda na risiti nilizokutumia, naomba."

Siku mbili hakujibu. Nilijipa moyo kwamba huko hakuna mtandao. Siku ya tatu, nikiwa nachota maji, simu ilianza kutoa mlio wa ujumbe mfululizo. Nilitua ndoo.

Hakuwa amechagua. Alituma zote. Mabati, misumari, godoro, ada ya fundi, kitanda, jiko la gesi, mashine ya kusagia juisi niliyoagiza Mwanza wakaniletea nyingine, pamoja na picha za oda nilizowaonyesha mpaka wakanibadilishia. Kila kitu cha nyumba ile kilipita mbele yangu kimoja baada ya kingine, na wakati huo ndani ya nyumba hakukuwa na mtu mwingine wa kuvitumia.

Katikati ilikuwepo risiti ya hospitali ya Kolandoto.

Nilikwenda kule ujauzito ukiwa wa miezi minane, mdogo wangu akinisindikiza. Mtoto alizaliwa amekwisha kufariki. Siku ya kuruhusiwa nililipa dirishani nikapewa risiti: kulazwa siku tatu, upasuaji, dawa. Sikuweza kumpigia mume wangu simu na kulisema lile neno. Nilipiga picha risiti, nikamtumia, na chini yake nikaandika tu kwamba natoka leo. Alijibu kama alivyojibu ya mabati.

"Nimeona."

Neno hilo nilitembea nalo miaka. Alipokuja nyumbani wiki mbili baadaye hakuliongelea, nami nikanyamaza. Nadhani ndoa yetu iliisha pale dirishani, ila hatukuwa na wa kututangazia.

Picha mbili za mwisho zilikuwa za friza. Mazungumzo ya oda yalionekana yote: namba ya duka juu, tarehe, swali langu, na jibu lao kwamba friza zima lina waranti ya mwaka mmoja na kompresa miaka miwili. Risiti nayo ilisomeka mpaka chini, kwenye namba ya uhakiki na saa iliyotolewa. Nilizipeleka kwa mama wa fotokopi akanitolea nakala mbilimbili kwa wino.

Niliporudi dukani binti alimwita meneja. Meneja aliingiza namba ya uhakiki na ile saa kwenye tovuti ya mapato, na risiti ikatokea kwenye kompyuta yake vilevile ilivyokuwa kwenye picha yangu. Kisha akasoma mazungumzo ya oda, akakiri kwamba namba ni ya kwao. Nilidhani tumemaliza. Lakini akasema risiti ina jina la mwanaume, na yeye hawezi kubadilisha kompresa ya mtu kwa maneno ya mtu mwingine. Mwenye jina apige, au nimpigie hapohapo.

Kuna watu wawili walikuwa wanachagua televisheni. Nilitamani watoke kwanza. Nilipiga, nikaweka sauti ya nje, simu ikiwa juu ya meza kati yangu na meneja.

Alipokea. Nikamweleza haraka niko wapi na wanataka nini. Meneja akamuuliza jina, akamuuliza alinunua nini.

"Friza," alisema. "Kubwa, jeupe. Ila si langu. Ni la mke wangu. Mhudumieni yeye."

Meneja akaandika. Mimi niliangalia ukuta. Ni zaidi ya mwaka mmoja tangu mtu aniite hivyo, na aliyeniita alikuwa na mwanamke mwingine ndani. Sikumsahihisha. Meneja aliponisukumia fomu nisaini, niliomba maji kwanza.

Walinieleza kwamba kompresa na kazi ya fundi ni juu yao, usafiri ni juu yangu. Nikarudi Masumbwe, nikakodi nafasi kwenye kenta, lori dogo lililokuwa linapeleka mchele Shinyanga, friza likaenda. Fundi wao alilinganisha namba ya nyuma ya friza na ile iliyoandikwa kwenye risiti, akaikubali.

Jumapili iliyofuata, nikiwa nimetoka kanisani, aliyekuwa mume wangu alipiga mwenyewe. Aliuliza kama wamelipokea friza. Nikamwambia wamelipokea. Kwa nyuma yake nikasikia mashine ya kusaga mawe.

"Ile ya Kolandoto uliiona," alisema.

"Niliiona."

"Siku ulipoituma nilikuwa nimekaa na wenzangu tunakula. Niliisoma mara nyingi. Nilitafuta mahali palipoandikwa mtoto, sikupaona. Ndipo nikaelewa. Sikujua mtu anajibu nini, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma. Alikuwa ameanza kuniita hivyo tangu ujauzito ulipoonekana, akaacha.

Nilitaka kumwambia kwamba neno lolote lingetosha, hata kama lingekuwa baya. Nilitaka pia kumuuliza kwa nini ameitunza miaka yote hiyo wakati kuifuta ni kugusa tu. Nikamwambia, "Hata mimi sikujua mtu anaandika nini."

Kisha alisema wanamwita, akakata.

Friza lilirudi baada ya wiki mbili na nusu. Vijana wa kenta walilishusha, nikaliacha limesimama masaa kadhaa kama fundi alivyoagiza, ndipo nikaliwasha. Jioni maji ya kwanza yalikuwa yameshaanza kushika ukoko wa barafu. Siku ya soko nikauza barafu zote, na mama mmoja muuza samaki aliyekuwa amehamia kwa jirani alirudi, akasema ya kule inayeyuka upesi.

Mume wangu hajapiga tena, nami sijampigia. Nasikia ameondoka alipokuwa, amekwenda rashi nyingine upande wa kusini. Risiti ya Kolandoto niliipeleka kwa mama wa fotokopi pamoja na zile nyingine alizonitumia. Aliitazama, akanitazama, akaniuliza nakala ngapi. Nikamwambia moja. Hakunidai pesa ya ile, na mimi niliikunja nikaiweka kwenye Biblia, kisha nikaenda kununua mifuko ya barafu.