Mparachichi wa Mpakani

Mparachichi ule aliupanda marehemu mume wangu, hatua mbili tu kutoka kwenye masale, mimea ya majani marefu tunayopanda mipakani huku mlimani, yanayogawa kiwanja chetu na cha jirani. Haukukua kuelekea kwetu. Ulitanua matawi upande wa pili, ukafunika bati la jiko la jirani yangu, na kila msimu matunda yakadondoka juu ya bati kwa kishindo.

Jirani huyo alinizidi miaka kama kumi, mjane kama mimi. Wanangu wako Mwanza na Dodoma, mwanawe yuko Dar. Asubuhi nikitoka kufagia namkuta amesimama kwenye masale.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mti wako umenipiga tena," husema, ameshika parachichi mkononi.

"Basi ule, usinishtaki."

Tukacheka, tukaongea habari za tangawizi shambani na za kanisani, kila mmoja akarudi kwake. Kuna siku ambazo hayo ndiyo maneno pekee niliyozungumza na mtu.

Mvua za vuli zilipoanza, upepo ulivunja tawi moja, likabonyeza bati la jiko lake. Nilimwita fundi akalitengeneza siku hiyo hiyo. Nikadhani yameisha. Wiki iliyofuata akaniambia, macho yake yakiwa chini, "Kijana wangu anasema mti ukatwe. Nimemkatalia. Sasa nataka tuandikishiane."

"Tuandikishiane nini, dada? Miaka yote hii tumeandika nini?"

Akageuka akarudi jikoni kwake. Nami nikaumia kuliko nilivyotegemea. Nikaanza kufagia mbele ya nyumba, upande wa barabara. Siku zikawa wiki. Nilimsikia akikohoa jikoni kwake, nikajifanya sijasikia. Jioni nilipika makande ya mtu mmoja, nikala nusu.

Jumamosi moja nikasikia hodi mlangoni. Ni yeye. Alikuwa amezunguka kupitia barabarani na mkongojo wake, kama mgeni, wakati kwenye masale pana upenyo tuliozoea kupita. Nilimpa kiti, nikachemsha chai.

"Macho yananiacha," alisema. "Kijana anakuja kunichukua baada ya Krismasi. Wewe na mimi tunajua tulivyokubaliana. Wao hawajui. Sitaki siku moja waje na msumeno, wewe uko peke yako, huna hata mstari wa kuwaonyesha."

Nilimtazama. Muda wote nilikuwa nimedhani karatasi ile ni ya kujilinda dhidi yangu.

Mwenyekiti wa kitongoji alikuja na wazee wawili wanaoifahamu mipaka ya pale. Wakatembea kwenye mstari wa masale kutoka juu hadi kwenye mfereji, wakatuuliza sote wawili kama ndio mpaka. Tukasema ndio. Siku ya pili tukateremka ofisi ya kijiji, yeye ameshika mkono wangu njia nzima. Mtendaji aliandika tunavyosema: masale ndiyo mpaka, mti unabaki na ni wangu, tawi kubwa lililobaki juu ya jiko nitalikata mimi, na kila mwaka nitapunguza matawi kabla ya vuli, matunda yakianguka upande wake ni yake, hakuna wa upande wake atakayeukata bila mimi kuambiwa kwanza. Akatusomea polepole, mara mbili. Mimi nikatia sahihi, jirani akaweka dole gumba, wale wazee wakasaini kama mashahidi, mtendaji akagonga muhuri. Nakala moja yangu, moja yake, moja ikabaki ofisini.

Tawi lilikatwa wiki hiyo. Mwezi wa kwanza mwanawe alikuja na gari, akanisalimia kwa heshima, akaisoma nakala ya mama yake akiwa amesimama, akaikunja akaitia mfukoni. Wakaondoka kuelekea Same, njia ya Dar. Nyumba ikafungwa.

Msimu wa matunda ulipofika, yalianguka uani kwake yakaoza. Nilikuwa nayaona, sikuvuka. Siku moja jirani akapiga simu.

"Yameiva?"

"Yameiva. Yanaoza kwako."

"Kwa nini huokoti?"

"Tumeandika kwamba ni yako."

Nikamsikia akivuta kiti. Kisha akasema taratibu, "Nenda ukaokote, mdogo wangu. Ule wewe. Huku yapo, ila hayana ladha."

Nikachukua kikapu, nikapita kwenye upenyo. Niliokota yaliyokuwa mazima, nikaketi kwenye ngazi ya jiko lake nipumzike. Kutoka pale niliitazama nyumba yangu. Sikuwahi kuiona kutoka upande huo, kwa kuwa kabla tawi lile halijakatwa matawi yaliizuia. Ni ndogo. Mlango mmoja wazi, kamba ya nguo ina khanga moja. Nikakaa pale mpaka baridi ya mlimani iliponiinua.