Shilingi Moja na Robo

Miaka ile ya tisini riba za benki zilikuwa zinang'ata, nami nilikuwa nataka nyumba ya pili. Ya kwanza, ya Mji wa Kale, niliinunua kwa pesa ya kuuza mahamri na mkopo, na mkopo ule ulikuwa haujesha. Juu vyumba sita, chini maduka mawili. Kuhusu riba, mashehe walishanisomea. Hiyo ni hesabu yangu na Mola wangu, si ya mtu mwingine.

Nyumba niliyoitaka ilikuwa Mbaraki, kuukuu, ya milioni moja. Mimi nilikuwa na laki mbili. Mwenyewe alinipa mpaka Ijumaa. Nikishindwa, angemuuzia shemeji yangu, nduguye marehemu mume wangu, ambaye alikuwa na pesa na mdomo.

"Shemeji," aliniambia mlangoni pangu, "mwanamke wa mahamri nyumba moja yamtosha. Ya pili utaila na chai?"

"Nitaila na chai," nikamjibu, "na wewe nitakukaribisha makombo."

Jumatatu nikaenda benki. Afisa wa mikopo alikuwa kijana wa bara, tai imemkaba, lakini ana adabu. Nikamwekea daftari alilonijazia binti yangu. Kodi ya vyumba elfu kumi na mbili kwa mwezi, maduka elfu kumi na mbili, nyumba mpya ingeingiza kumi na sita. Na kilemba, elfu kumi. Jumla hamsini!

"Kilemba ni nini, mama?"

Nikamweleza. Kwetu mpangaji wa duka hulipa pesa ya kuingilia, mbali na kodi. Mwaka ule wapangaji wangu wawili wapya walikuwa wamenipa elfu sitini kila mmoja, laki na elfu ishirini. Nikaigawa kwa miezi kumi na miwili.

"Na mwaka ujao watakupa tena?"

Nikatikisa kichwa. Mpangaji hulipa kilemba mara moja tu. Kijana akachukua kalamu, akakifuta. Hamsini ikawa arubaini. Halafu akakata robo kwa vyumba vitakavyokaa vitupu, ukarabati, maji na kodi ya manispaa. Ikabaki thelathini.

"Sasa deni. Mkopo wa zamani unalipa elfu nane kwa mwezi. Huu wa laki nane, elfu ishirini. Ishirini na nane." Akagawa. "Kila shilingi moja ya deni inabebwa na shilingi moja na senti saba. Benki inataka shilingi moja na robo. Vyumba viwili vikilala vitupu zaidi ya tulivyotarajia, tutaipiga mnada nyumba yako."

Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini hilo lilinikaa. Thelathini haiwezi kubeba ishirini na nane na ikapata pumzi.

"Pandisha kodi za vyumba," akasema.

"Nipandishe, wahame, uniletee hesabu ya vyumba vitupu? Juu kwangu wanakaa wajane wawili na kinyozi. Siwagusi."

"Basi mlete mwanao wa kiume aweke sahihi nawe."

"Mwanangu wa kiume ana deni la baiskeli!" Watu wa foleni nzima wakageuka. "Nipigie hesabu nyuma. Hiyo thelathini yaweza kubeba deni la kiasi gani?"

Akaigawa kwa moja na robo. Elfu ishirini na nne kwa mwezi. Toa nane ya zamani, mpya ibaki kumi na sita.

"Kumi na sita ni mkopo wa kiasi gani?"

"Laki sita na arubaini elfu."

Basi nilipungukiwa na laki moja na sitini, si na akili. Kilemba kilichokataa kuwa kodi hakikukataa kuwa pesa: laki na ishirini ilikuwa mkononi, mbali na zile laki mbili, iwe sehemu ya kununulia. Elfu arubaini zilizosalia nilizitoa masikioni na shingoni. Jumatano nilikwenda kwa sonara, nikauza vipuli na kidani cha arusi yangu. Binti yangu alilia njia nzima. Sikumkataza, ila nilimwambia alie huku anatembea, benki inafunga mapema.

Alhamisi kijana akapiga hesabu upya. Thelathini kwa ishirini na nne: shilingi moja na robo. Akanisogezea karatasi. Nikaweka sahihi yangu, iliyopinda kama ukuta wa mwashi mlevi, lakini ni yangu.

Mwezi uliofuata palikuwa na arusi ya jamaa. Nikaenda na kanga mpya na masikio matupu. Mke wa shemeji akanitazama juu hadi chini, akauliza mbele ya wanawake, "Dada, dhahabu zako zi wapi leo?"

"Ziko Mbaraki," nikamwambia. "Zimepangisha."