Huko ni Nchi ya Watu

Kaka yangu alipiga simu kutoka Pemba wakati natoka darasani. "Mkeo kesha kufa, watoto huna. Huko ni nchi ya watu. Rejea nchini kwenu. Nambie leo jioni, chumba chako hapa nyumbani nakiwekea mlango."

Nilimwambia nitamjibu. Kusema kweli nilikasirika. Nimefundisha jiografia Ifakara miaka mingi mpaka nimeanza kuota mpunga.

Mchana nikaingia kidato cha tatu kufundisha nchi, taifa, dola na eneo. Nchi, nikasema, ni ardhi yenye jina na mipaka inayojulikana. Taifa ni watu wanaojiona wamoja, kwa historia, lugha au mila, hata wasipokuwa na serikali yao. Dola ina ardhi, watu na serikali, na haina bwana juu yake. Eneo ni ardhi iliyo chini ya mamlaka fulani. Yapo maeneo yanayotawaliwa na dola iliyo mbali, ng'ambo ya bahari.

Binti mmoja wa Kisukuma, wazazi wake wana shamba hapa jirani, Mkula, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwenu Zanzibar ni dola. Ina rais, ina bendera, ina baraza."

Wenzake wakapiga makofi. Wallahi, nilitamani kumpa tiki!

"Hapana," nikasema. "Ni nchi, hata katiba yake inasema hivyo. Si koloni, maana iliingia kwenye Muungano. Lakini ulinzi, mambo ya nje na uraia ni vya Muungano. Kiti cha Umoja wa Mataifa ni kimoja. Dola ni Jamhuri ya Muungano."

"Kwa hiyo wewe na sisi ni raia wa dola moja?"

"Moja."

"Basi hapa si ugenini, mwalimu."

Darasa likacheka. Mimi nilijifanya natafuta chaki.

Jioni nilirudi nyumbani. Kanga ya marehemu bado iko mlangoni, sijaitoa. Alikuwa Mpogoro, amezikwa kwao Malinyi, na mvua zikizidi barabara hukatika, nami hukaa wiki nzima bila kwenda kumwona kaburini. Upweke huo hauna jina kwenye somo langu. Nampenda mno yule mwanamke, na sikumwambia vya kutosha.

Nikampigia kaka.

"Kaka, shikamoo. Huku si nchi ya watu. Dola yetu ni moja, mimi ni raia huku kama huko. Hakuna wa kunifukuza."

"Marahaba. Nani kasema wakufukuza? Leo umekula na nani?"

Nikatazama sahani yangu.

"Peke yangu," nikasema. "Lakini nabaki, kaka. Yeye yuko huku."

Nikamsikia analia. "Basi mlango nautia vivyo hivyo," akasema. "Uje hata kwa likizo."