Ikisiri ya Mwalimu wa Handeni

Mwalimu yule nilianza kumtilia shaka kabla hajafungua mkoba. Aliniamkia, nikaitikia, akaketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya kompyuta, kisha akasema, "Kaka, nimeambiwa wewe unasoma mpaka nukta. Kazi yangu ni ndogo tu."

Mwenye kazi ndogo kweli hakwambii kwamba ni ndogo.

Nilikuwa nimerudi Korogwe mwaka ule, baada ya kuzunguka sana. Shule yangu iliishia kidato cha nne, lakini nilikaa miaka kadhaa kwenye kiwanda cha uchapaji Dar es Salaam nikisoma prufu kutafuta makosa kabla ya kuchapwa, halafu Morogoro, halafu Mtwara. Kila mahali nilikaa mpaka usiku mmoja niote harufu ya mkonge uliosagwa, nikafunga begi. Sasa nilikuwa kwenye steshenari ya binamu yangu, karibu na stendi. Tulichapa barua za maombi ya kazi, tulitoa nakala za vyeti, na mara mojamoja nilisahihisha maandishi ya wasomi.

Mwalimu huyu alifundisha Kiswahili Handeni na alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Alitaka kusoma makala yake kwenye kongamano, na waandaaji walitaka kwanza ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti mzima katika aya moja. Isizidi maneno mia mbili na hamsini. Fomu ilijazwa mtandaoni, na ukizidisha hata neno moja inakataa. Mwisho ulikuwa saa kumi jioni siku ileile. Ikisiri yake ilikuwa na maneno mia tatu na kumi na mawili.

"Ukikosa?" nikamuuliza.

"Msimamizi wangu amesema bila kongamano hili sitetei tasnifu mwaka huu. Na shule imenipa ruhusa ya mwaka huu tu."

Nikasoma. Utafiti wake ulilinganisha maneno ya kazi wanayotumia wakataji mkonge wa Ngombezi na yale ya wakulima wa Magoma. Nilipoona jina la Ngombezi nilivuta kiti karibu. Nimezaliwa pale, kwenye nyumba za kambi. Baba yangu aliletwa na mkataba wa kukata mkonge akiwa kijana, asirudi tena kwao.

Kosa la kwanza lilikuwa la njeo. Katika ikisiri, ulichokifanya unakieleza kwa wakati uliopita, na kile ambacho matokeo yanaonyesha unaweza kukiacha katika wakati uliopo. Yeye alikuwa na "nilikusanya," "nilichambua," halafu ghafla: "Wazee kumi na wawili wa Magoma watahojiwa majumbani mwao."

"Watahojiwa lini?" nikasema. "Kongamano likiisha?"

Akainamia skrini. "Ah! Hiyo imetoka kwenye pendekezo la utafiti. Nilinakili, nikasahau kubadili."

Ndivyo wengi wanavyofanya, najua. Pendekezo huandikwa kwa wakati ujao kwa kuwa kazi bado, kisha mtu anakata na kubandika. Lakini najua pia kwamba wapo wanaobadili "ta" kuwa "li" wakiwa wamekaa kitandani. Nikakunja mikono.

"Magoma ulifika?"

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyemjibu vibaya. Alitoa simu, akabonyeza, akaiweka juu ya meza. Jogoo akawika, kisha sauti ya bibi kizee ikasema, "Sasa mwanangu, hako kasimu kako kanakula maneno yangu yote? Kakishiba je?" Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akasikika akicheka katikati yao.

"Ninazo kumi na mbili kama hiyo," akasema. "Uzisikilize zote?"

Niliona haya. Nikaandika "walihojiwa" bila kuinua macho.

Tukaendelea na kupunguza. "Katika kipindi cha wakati wa mavuno" ikawa "wakati wa mavuno." Sentensi ya kuwashukuru wafadhili ikaondoka, maana haina kazi kwenye ikisiri. Kichwa, na maneno ya msingi yanayoorodheshwa chini ya ikisiri, hayakuhesabiwa, kwa hiyo tuliyaacha. Tukafika mia mbili na sabini na moja.

Ndipo nikafika hapa: "Akikata mkonge shambani asubuhi, mtafiti alimhoji kila mkataji kwa nusu saa."

"Mwalimu, hapa umekata mkonge wewe mwenyewe."

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Na mikono hii?"

"Ndivyo ulivyoandika. Anayekata ni mtafiti." Nikaipanga upya ili kila tendo limrudie mwenyewe: "Mtafiti alimhoji kila mkataji kwa nusu saa, asubuhi, shambani, mkataji akiwa kazini." Njeo ilikuwa sawa. Kila mtu alikuwa mahali pake. Lakini sasa ilisomeka wazi, na mimi nikasimamisha kidole.

Mkataji huingia shambani alfajiri ili awahi jua. Analipwa kwa matita ya majani aliyofunga, si kwa saa alizokaa. Baba yangu hakutupa hata sisi nusu saa ya asubuhi; ukimpelekea uji ulikuwa unauacha chini unaondoka. Ukitaka maneno ya mkataji, unamngoja alasiri, kambini, ameshaoga.

"Hawa nani aliwahoji?" nikauliza.

"Mtafiti."

"Mtafiti ni wewe?"

Pikipiki zilipiga honi nje. "Nilikuletea njeo na urefu," akasema taratibu. "Sikukuletea ukaguzi."

"Ni kweli."

"Basi rekebisha."

"Nimesharekebisha. Soma mwenyewe."

Alisoma. Kisha alitoa bahasha kwenye mkoba, na ndani yake mlikuwa na madodoso ishirini yaliyojazwa. Alisema mwenzake mmoja aliyesoma naye chuoni alimsaidia upande wa Ngombezi, maana mwalimu mwenyewe alikuwa na vipindi. Kalamu moja ya bluu, mwandiko mmoja, na majibu yaliyofanana kama chapa.

"Niliona," akasema. "Nikajiambia watu wa kambi moja huongea sawa."

"Majirani zetu wa kulia walitoka Songea, wa kushoto Kigoma, mwalimu. Hata kuomba chumvi hatukuomba sawa."

Saa ya ukutani ilikuwa tisa na dakika ishirini. Akaitazama, akaitazama bahasha, akairudisha mkobani.

"Nikitoa Ngombezi ulinganisho unakufa. Wanaweza wakanikataa."

"Wanaweza."

"Toa."

Kichwa kikawa cha Magoma peke yake. Sentensi ya wakataji ikaondoka, na ile ya ulinganisho, na nusu ya matokeo. Tukabaki na maneno mia moja tisini na nane. Mahali palipokuwa wazi aliweka mifano mitatu ya maneno ya palizi aliyopewa na yule bibi, akiwa ameishikilia simu sikioni ili asikosee. Mia mbili na arobaini na saba. Nilihesabu mara mbili, kompyuta mara moja.

Zilibaki dakika kumi. Nilipokuwa nikipitia mara ya mwisho, nikaona jina la Ngombezi limesalia kwenye maneno ya msingi, chini kabisa. Kulifuta jina la kwetu kulinishinda.

"Hili halihesabiwi," nikamwambia. "Fomu haitalikataa. Tunaweza kuliacha."

Akageuka akanitazama vizuri, na safari hii ni yeye aliyekuwa na shaka.

"Kaka, Ngombezi mimi sijafika," akasema. "Futa."

Nikafuta, akatuma.