Tundu Moja, Vyombo Vitatu

Shemeji yake ndiye aliyemwibia msusi mwisho wa tamthilia, tena mchana kweupe.

Runinga ya saluni yake ilikuwa na tundu moja tu la HDMI, la kuchomeka waya wa picha, nalo lilikuwa la king'amuzi. Huyu mdogo wa mumewe akaleta swichi ya HDMI, ili deki na mashine yake ya gemu navyo vipate pa kuchomekwa.

"Hii inaunganisha vyote, shemeji."

Kuunganisha, iliunganisha. Hakusema kwamba inaonyesha kimoja kimoja, wala kwamba chombo kikiwashwa tu, kinanyakua kioo.

Siku ya kipindi cha mwisho saluni ilifurika. Msusi alikuwa na dawa ya nywele mikononi, na bibi harusi kwenye runinga ndiyo kwanza anafumbua mdomo amtaje baba wa mtoto wake. Shemeji akaingia, akawasha gemu.

"Naiwasha tu ijisasishe, haitawagusa."

Picha ikaruka. Bibi harusi akageuka uwanja wa mpira.

"Rudisha, wewe!" wateja wakapiga kelele.

Shemeji akabonyeza kitufe cha swichi. Ikaenda kwenye deki, kiza kitupu. Akabonyeza tena. King'amuzi kiliporudi, majina ya waigizaji yalikuwa yanapanda.

"Si imerudi?"

"Imerudi," msusi akajibu, "kama daktari baada ya maziko."

Mpaka leo shemeji anadaiwa jina moja tu, la baba wa mtoto yule, na neno samahani juu yake.