Mia Nne za Uzeeni

"Mama mtoto, walio nyuma yako hawaulizi maswali," wakala alisema, na hapo subira yangu ikaisha.

Alikuwa akiandika watu kazi ya kushona katika kiwanda kimoja Athi River. Barua ya kazi aliyonipa ilisema mshahara elfu sita, nami nilitaka kujua pesa zitakazofika mkononi. Akasema kodi haitanigusa, bima ya hospitali itakatwa kidogo, na akiba ya uzeeni mia nne, kama ilivyoandikwa.

"Mia nne zote nikatwe mimi?" nikauliza. " Mia mbili ni zangu. Hizo zingine kiwanda hutoa mfukoni mwake."

"Nani amekudanganya?"

Marehemu baba ndiye aliyeniambia. Alikatwa miaka mingi, kumbe hakuna kilichopelekwa kwenye akiba yake, na tulimzika kwa michango. Mtoto alikuwa amelala mgongoni. Nikiikosa kazi hii, atakunywa nini?

Wakala akanyoosha mkono kuchukua barua. Nikaikunja, nikaificha kati ya nepi.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka ofisi ya leba, Machakos, inayopokea malalamiko ya wafanyakazi. Niliandika hivi: "Nalalamika kwamba wakala anatukata hata sehemu ya mwajiri. Barua yake nimeiambatanisha. Tafadhali nisinyimwe kazi kwa kuuliza."