Theluthi ya Chini

Mimi nina hasira, sikatai. Siku ile ya warsha, pale mtaani Nakawa, niliombwa niseme maneno machache ya ufunguzi kwa sababu mimi ndiye mbunifu mkongwe wa mabango, na mada ilikuwa namna ya kukosoa kazi ya mwenzako bila kumuumiza. Nilikuwa nimeandaa karatasi nzuri. Kisha nikamwona ameketi safu ya tatu, karibu na mlango, yule mkimbizi Mkongomani niliyemvunja vidole. Karatasi nikaikunja, nikaitia mfukoni.

"Mnaniona hili kovu kwenye paji?" nikaanza. "Nilipigwa rula ya chuma. Na nilistahili!"

Wakacheka. Masikini, walidhani natania.

Nikawaeleza. Katika studio yetu kila Ijumaa tulibandika kazi ukutani, nami nilipita na kalamu nyekundu. Kazi mbaya niliipiga alama ya X, nikasonga mbele. Sikuuliza kitu. Niliita hiyo kufundisha. Walionizunguka walicheka hata pale mwenzao alipokaribia kulia, nami kicheko chao kilinipa kichwa.

Ijumaa moja yeye alibandika bango la kliniki moja ya mtaa wa Bwaise, la kuwaambia watu wachemshe maji. Picha nzuri, herufi nene, lakini theluthi ya chini ilikuwa tupu. Nyeupe pe! Nikasema mbele ya wote, "Huyu ameshindwa kujaza karatasi. Huko kwenu mnalala kazini?" Nikalichana. Nikalifinyanga, nikamtupia usoni.

"Rudilia ile umesema," akaniambia, taratibu kabisa.

Nikarudia. Akaokota rula mezani, akanipasua paji kwa ukingo wake. Damu ikaniingia machoni. Wallahi, nilimtaka afe. Nilimkaba shati, tukaangusha meza, tukaangusha kompyuta, nikampiga ngumi za mdomo mpaka nikahisi jino lake kwenye kifundo cha kidole changu. Alipojaribu kuinuka alishika ukingo wa ile droo pana ya chuma tunayohifadhia karatasi. Droo ilikuwa wazi. Nikaipiga teke kwa buti, ikajifunga juu ya mkono wake wa kulia.

Nilisikia vidole vikivunjika. Alipiga ukelele ambao mpaka leo ukinijia naacha kula.

Kunishtaki polisi hakwenda. Mkimbizi huogopa kituo kuliko anavyomwogopa aliyempiga, na mimi, aibu iliyoje, nilishukuru. Yeye hakurudi tena studio. Nikasikia hachori, hamwonyeshi mtu yeyote kazi yake.

Wiki iliyofuata ndipo nikasoma maelezo ya mteja, ambayo yeye alikuwa ameyasoma. Mabango yalikuwa ya kubandikwa kwenye kuta za nje, kule ambako mafuriko hupanda. Watu wa kliniki wakaniambia jamaa alikwenda Bwaise kwa miguu, akapima kwa mkono wake mstari wa matope kwenye kuta za watu. Chini ya mstari ule maji yangefuta kila neno. Theluthi ile aliiacha tupu makusudi.

"Swali moja tu," nikawaambia warsha nzima. "Ningemuuliza, 'Mbona hapa umeacha wazi?' Angenijibu, nami ningejifunza kitu. Kwa hiyo leo, kabla hujafungua mdomo, muulize mwenye kazi anamfanyia nani, na anataka usaidizi wapi. Sema unachokiona kabla ya kusema unachokichukia. Sema kazi, usiseme mtu. Na yeye ndiye ataamua abadilishe nini, kazi ni yake." Nikamtazama safu ya tatu. "Nilikukosea vibaya sana, ndugu yangu. Sina la kujitetea."

Mama aliyeandaa warsha akakohoa, akauliza nani atabandika kazi ya kwanza. Nilitaka yeye ainuke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua sina haki ya kumwomba.

Akainuka. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya koti, akaja mbele, akaibandika ukutani. Nikasogea. Nilikuwa na swali tayari, lile zuri, la upole.

"We leo usiseme kitu," akaniambia. "Ikala chini."

Nikakaa. Binti mmoja akamuuliza bango ni la nani. Mwingine akamwambia jicho lake, likilitazama bango, linaanzia wapi na linapotelea wapi. Mimi niliona kosa, kubwa, la rangi, na ulimi uliniwasha kulisema. Nikauuma. Baadaye kijana wa nyuma akaliona mwenyewe, akalisema vizuri kuliko ambavyo ningelisema mimi.

Yeye akafungua daftari kuandika waliyomwambia. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi moja moja, na chumba kizima kikamngoja amalize.